Uzi: x⁴ − 2, kundi la memba 8, na ile α → iα yenye oda mbili

#1 KipeuoChaNne

Wakuu, salaam. Swali langu ni la x⁴ − 2 juu ya namba wiano, yaani Q. Jibu la mwisho nalijua: otomofizimu za uga wake wa mpasuko zinaunda kundi la dihedro la oda 8, lile la mraba. Ninakokwama ni njiani kabla ya kufika huko.

α ni kipeuo cha nne cha 2, kile halisi na chanya, kama 1.189 hivi. Mizizi minne ni α, iα, −α na −iα, na uga wenyewe ni Q(α, i). Hapo sina tatizo. Sasa nachukua otomofizimu inayopeleka α kwenye iα na kuiita σ. Mimi nikiirudia mara mbili napata −α, kwa hiyo oda yake ni 4. Mwenzangu ninayesoma naye kachukua hiyohiyo ya α → iα, akairudia mara mbili, α ikarudi kuwa α. Kwake oda ni 2. Tumebadilishana karatasi na kukagua mstari kwa mstari, hesabu zote mbili ziko sawa. Sasa kitu kimoja kinakuwaje na oda 4 na oda 2 kwa wakati mmoja?

#2 SeremalaWaNamba

Hakuna fumbo hapo mkuu. σ ni kuzungusha bapa la namba changamano kwa nyuzi 90, yaani kuzidisha kila kitu kwa i. Ukifanya mara mbili umezungusha nyuzi 180, mara nne umerudi ulikotoka. Oda 4. Mwambie mwenzako arudie hesabu yake.

#3 BibiUga

KipeuoChaNne, wewe na mwenzako mko sahihi wote wawili, ila hamzungumzii otomofizimu moja. Ukisema tu "α inakwenda iα" bado hujataja otomofizimu yoyote. Umetaja nusu. Nusu nyingine ni: i inakwenda wapi?

Tazama hatua yako ya pili. Unataka kujua iα inakwenda wapi. iα ni i mara α, na otomofizimu inaheshimu kuzidisha, kwa hiyo picha ya iα ni picha ya i mara picha ya α. Picha ya α ni iα. Ile ya i lazima iwe mzizi wa x² + 1, kwa hiyo ni i au −i, na hapo ndipo njia zenu zilipoachana bila nyinyi kujua.

Wewe uliiacha i mahali pake: i · iα = −α. Mwenzako aliigeuza i kuwa −i: (−i) · iα = α. Ya kwako ina oda 4, ya kwake ina oda 2. Kuna otomofizimu mbili zinazopeleka α kwenye iα, kama zilivyo mbili zinazopeleka α kwenye kila mzizi mwingine. Nne mara mbili, nane.

Nakushauri ufanye hivi tangu mwanzo: σ iwe ile yenye α → iα na i → i. τ iwe ile yenye α → α na i → −i. Ya mwenzako itakuwa στ, maana yake τ kwanza kisha σ: τ inaiacha α, σ inaipeleka iα, τ inageuza i kuwa −i, σ inaiacha hivyo.

Na wewe SeremalaWaNamba, σ si kuzidisha kwa i. Kuzidisha kwa i kunapeleka 1 kwenye i, na hakuna otomofizimu inayoihamisha 1.

#4 KipeuoChaNne

Bibi, shikamoo na asante. Kumbe ndiyo hivyo. Ila umenifungulia swali jingine. Umesema α ina chaguo nne, i ina chaguo mbili, basi nane. Nani kaniruhusu kuchagua hizo mbili kila moja kivyake? Huenda chaguo moja linaibana nyingine.

#5 BibiUga

Marahaba. Hapo umegusa mahali ambapo wengi huruka bila kutazama chini. Hakuna aliyekuruhusu bado. Chaguo nne mara mbili linakuambia tu kwamba otomofizimu *haziwezi kuzidi* 8. Kwamba zinafika 8 ni lazima ulipate kwingine, nalo linatoka kwenye digrii ya uga.

x⁴ − 2 haivunjiki juu ya Q kwa kigezo cha Eisenstein kwa namba tasa 2: 2 inagawanya vizigeu vyote isipokuwa cha mbele, na 4 haigawanyi 2. Kwa hiyo Q(α) ina digrii 4. Kila kitu ndani ya Q(α) ni namba halisi, kwa hiyo i haimo, na ukiiongeza digrii inazidishwa kwa 2. Jumla 8. Uga wa mpasuko juu ya Q una otomofizimu nyingi sawasawa na digrii yake, kwa hiyo ziko 8 kamili. Jozi za chaguo ni 8, otomofizimu ni 8, na otomofizimu mbili haziwezi kutumia jozi moja. Basi hakuna jozi iliyokataliwa.

Ukitaka kuona chaguo likibanwa, andika uga uleule kama Q(α, iα). Ni kweli kabisa, ni uga uleule. Sasa α ina chaguo nne na iα ina chaguo nne, lakini jozi 16 hazipo. Jaribu α → iα na iα → −iα. Ukigawanya, i ambayo ni iα/α ingekwenda kwenye −1. Haiwezekani. Nusu ya zile 16 zinakufa namna hiyo.

#6 SeremalaWaNamba

Sawa kuhusu 1. Lakini mizizi yenyewe: α inakwenda iα, iα inakwenda −α, −α inakwenda −iα. Ukichora, ni mraba unaozunguka nyuzi 90. Kwa hiyo picha yangu haina ubaya.

#7 BibiUga

Kwenye mizizi minne haina ubaya hata kidogo, na itatusaidia baadaye. Ubaya unaanza ukidhani bapa zima linafuata. Angalia √2, ambayo ni α². σ inaipeleka kwenye (iα)², yaani −√2. Sasa chukua 1.4, namba wiano iliyo jirani kabisa na √2, tofauti yao ni kama 0.014. σ haiigusi 1.4, lakini √2 inarushwa hadi −1.414. Majirani waliokuwa wamebanana sasa wametengana kwa zaidi ya 2.8. Huko si kuzungusha, ni kuchana. Katika otomofizimu zote 8, zinazoheshimu ukaribu wa namba ni mbili tu: ile isiyofanya kitu, na τ, ambayo ni kugeuza i kuwa −i kwa namba zote changamano.

#8 Mpitanjia_7

Mbona mnarefusha? Polinomia ina mizizi miwili halisi na miwili isiyo halisi. Ile miwili halisi haiendi kokote, hii miwili inabadilishana. Kundi lina memba 2. Nimemaliza.

#9 BintiAljebra

Mkuu Mpitanjia, umejibu swali lingine. Ulichosema ni kweli ukianzia namba halisi, kwa sababu huko α tayari imo kwenye uga wa chini na haisogei. Hapa tunaanzia Q, na Q haioni tofauti yoyote kati ya α na iα: zote mbili kwake ni "kitu ambacho nguvu yake ya nne ni 2".

Uga wa kuanzia hubadilisha kila kitu hapa. Ukianzia Q(i), i inagandishwa, zinabaki σ na nguvu zake: kundi la mzunguko la oda 4. Ukianzia Q(√2), polinomia inavunjika kuwa (x² − √2)(x² + √2) na unabaki na memba 4 tena, lakini safari hii ni kundi la Klein, kila moja ikirudiwa mara mbili inajifuta. Oda ni 4 kote kuwili, umbo ni tofauti.

#10 KipeuoChaNne

Sasa nije kwenye jina la kundi. Mwenzangu anasema: halina ubadilishano, lina memba ya oda 4, oda yake ni 8, basi ni dihedro. Hoja imekamilika?

#11 Mzee_Kwatenioni

Haijakamilika. Kundi la kwatenioni nalo halina ubadilishano, nalo lina memba za oda 4, nalo ni la oda 8. Maelezo ya mwenzako yanalifaa neno kwa neno. Makundi ya oda 8 yasiyo na ubadilishano ni hayo mawili tu, kwa hiyo kazi yote iliyobaki ni kulitoa hilo la kwatenioni mlangoni.

Kulitoa ni rahisi: kwatenioni ina memba moja tu ya oda 2. Wewe tayari unazo τ, na σ² (α → −α, i → i), na ile στ ya mwenzako. Zikishafika mbili tofauti, kwatenioni imeshaondoka. Kwa kuhesabu zote utakuta tano za oda 2: σ² pamoja na τ, στ, σ²τ, σ³τ. Za oda 4 ni σ na σ³ peke yake.

Na kuna njia ambayo haihitaji hata kuhesabu. Katika kwatenioni kila kundi dogo ni normali, na hivyo kila uga wa katikati ungekuwa umejitosheleza: ukiwa na mzizi mmoja wa polinomia isiyovunjika, una yote. Q(α) inakanusha hilo. Ina α na −α, haina iα. Mstari mmoja, na hauondoi kwatenioni pekee, unaondoa hata makundi yote yenye ubadilishano.

#12 BintiAljebra

Mimi bado napenda kuona uhusiano wenyewe ukiandikwa, maana ndio unaokufanya useme "dihedro" bila kupitia orodha ya makundi. Fuata τστ, kutoka kulia kwenda kushoto, juu ya α:

τ inaiacha α. σ inaifanya iα. τ inageuza i, inakuwa −iα.

Na juu ya i: τ inaifanya −i, σ inaiacha, τ inairudisha i.

Kwa hiyo τστ ni ile yenye α → −iα na i → i. Hiyo ni σ³, ambayo ni kinyume cha σ. σ⁴ haifanyi kitu, τ² haifanyi kitu, τστ = σ³. Hayo matatu pamoja na oda 8 yanatosha.

Angalizo moja kwa anayeandika kwenye mtihani. Wapo wanaosoma στ kutoka kushoto kwenda kulia, σ kwanza. Kwao στ ni ile ambayo kwetu ni τσ, yaani σ³τ, na majedwali mawili ya watu wawili makini hayafanani. Ndiyo maana naandika uhusiano kama τστ = σ³ badala ya τσ = σ³τ: τστ inasomeka vilevile kutoka upande wowote.

#13 SeremalaWaNamba

Na mimi niseme la kwangu sasa kwa kuwa mraba wangu umekubaliwa. Mizizi minne ina mipangilio 24. Kwa nini tunapata 8 tu? Kwa sababu α na −α zinajumlishwa kuwa sifuri, na otomofizimu haiwezi kuvunja hilo. α ikienda iα, −α haina hiari, lazima iende −iα. Kwa hiyo ulalo wa mraba unabaki ulalo. Pembe ya kwanza ina nafasi 4, ya mkabala wake imefungwa, ya tatu ina nafasi 2, ya nne imefungwa. Nane. Na hizo nane ndizo mizunguko na akisi za mraba. Mmemaliza bila σ wala τ.

#14 Mzee_Kwatenioni

Safi, mradi ukumbuke kwamba ulichothibitisha ni "haizidi 8" tena. Digrii ya BibiUga ndiyo inayosema zote nane zipo. Ukiweka hizo mbili pamoja, umbo la dihedro linatoka bure.

#15 FundiMlinganyo

Samahani kuingilia. Mimi nina x⁴ − 4x² + 2 mbele yangu. Eisenstein inakubali, haivunjiki. Mizizi ni ± kipeuo cha pili cha (2 + √2) na ± kipeuo cha pili cha (2 − √2). Jozi mbili za mizizi pinzani, kama ulalo wa SeremalaWaNamba. Basi nami ni dihedro ya 8, siyo?

#16 SeremalaWaNamba

Ndiyo. Hoja ni ileile.

#17 Mzee_Kwatenioni

Siyo, na huu ni mfano mzuri wa nilichosema hapo #14. Ulalo unakupa dari, haukupi sakafu.

Fundi, ita mizizi miwili chanya β na γ, β ikiwa ile kubwa. Zizidishe: βγ ni kipeuo cha pili cha (2 + √2)(2 − √2), yaani cha 4 − 2, kwa hiyo βγ = √2. Lakini √2 yenyewe ni β² − 2. Basi γ = (β² − 2)/β, na γ imo tayari ndani ya Q(β). Uga wa mpasuko ni Q(β) wenyewe, digrii 4, otomofizimu 4. Sasa peleka β kwenye γ. √2 = β² − 2 inakwenda γ² − 2, ambayo ni −√2. Kwa hiyo γ = √2/β inakwenda −√2/γ, ambayo ni −β. Mara mbili inatoa −β, siyo β. Oda 4, kundi la mzunguko. Uga wako wote ni wa namba halisi, ndiyo maana hakuna i ya kuuongeza ukubwa.

Kwa polinomia za umbo x⁴ + ax² + b zisizovunjika kuna kipimo cha haraka. Kama b ni mraba wa namba wiano, kundi ni la Klein. Kama b siyo mraba lakini b(a² − 4b) ni mraba, ni la mzunguko. Vinginevyo ni dihedro. Yako: 2 mara (16 − 8) ni 16, mraba. Ya KipeuoChaNne: −2 mara (0 + 8) ni −16, siyo mraba kwenye Q, na −2 nayo siyo mraba. Dihedro.

#18 BintiAljebra

Na −16 inakuwa mraba mara tu ukiingiza i, kwa kuwa ni 4i mara yenyewe. Kipimo hichohicho kinarudisha kundi la mzunguko juu ya Q(i), kama nilivyosema #9. Nimefurahi kuona vimepatana.

#19 Kimyakimya

Kwa wasioamini, PARI/GP:

```
polgalois(x^4-2)
polgalois(x^4-4*x^2+2)
```

Namba ya kwanza kwenye kila jibu ni oda ya kundi: 8 kwa ya kwanza, 4 kwa ya pili.

#20 KipeuoChaNne

Nimekaa nikaanza kupanga kila kundi dogo na uga wake. Mengi yamekubali. τ inaacha Q(α). σ²τ inaacha Q(iα). σ² inaacha √2 na i. Nguvu za σ zinaacha Q(i). Kilichonishinda ni στ. Inageuza α kuwa iα, inageuza i kuwa −i, inageuza √2 kuwa −√2. Nimejaribu α, α², α³, nimejaribu kuzidisha na i, hakuna kinachotulia isipokuwa i√2, na huo ni digrii 2 wakati nahitaji digrii 4.

#21 BibiUga

Acha kutafuta kwa kubahatisha. στ ina oda 2, kwa hiyo inabadilishana vitu viwiliviwili. Chukua kitu chochote, kijumlishe na picha yake, na jumla haitasogea. α pamoja na iα: hiyo ni (1 + i)α. Jaribu: στ inafanya (1 − i) · iα = iα + α. Imetulia.

Sasa hakikisha kwamba hujaangukia uga mdogo kuliko unaoutaka, maana jumla ya namna hii inaweza kukuhadaa. Kwa σ², kwa mfano, α na picha yake ni α − α, sifuri, na umetoka mikono mitupu. Hapa iko salama: σ ikiirudia (1 + i)α inatoa (1 + i)α, (1 + i)iα, −(1 + i)α, −(1 + i)iα, vitu vinne tofauti, kwa hiyo digrii ni 4. Nguvu ya nne ya 1 + i ni −4, kwa hiyo nguvu ya nne ya (1 + i)α ni −8. Uga wako uliopotea ni wa mzizi wa x⁴ + 8.

#22 SeremalaWaNamba

Ngoja. (1 + i)α ni jumla ya pembe mbili zinazopakana. Ni katikati ya upande, ikivutwa nje mara mbili!

#23 BibiUga

Ndiyo hasa, na hapo mraba wako unalipa deni lake. Akisi za mraba ni za aina mbili. Mbili zinapita kwenye ulalo, nazo zinaacha pembe mbili bila kuzigusa: τ na σ²τ. Mbili zinapita katikati ya pande, haziachi pembe yoyote: στ na σ³τ. KipeuoChaNne hakuweza kupata uga wa στ kwa sababu alikuwa anatafuta miongoni mwa pembe, na στ haiachi pembe.

Lakini mizizi ya x⁴ + 8 nayo ni pembe za mraba, ule mkubwa ambao katikati za pande zake ndizo pembe za mraba wetu wa kwanza. Hapana haja ya kuuchora, tosha kusema umegeuzwa nyuzi 45. Uga wa mpasuko wa x⁴ + 8 ni uleule wetu. Na mtu anayeanza na x⁴ + 8 ataita στ akisi ya ulalo, na τ akisi ya katikati ya pande. Kundi lenyewe halikuambii ipi ni ipi. Ni polinomia uliyoanza nayo inayokuambia.

#24 Mpitanjia_7

Kwa hiyo x⁴ − 2, yenye mizizi miwili halisi, ina uga uleule na x⁴ + 8, isiyo na hata mmoja?

#25 BintiAljebra

Ndiyo. Na x⁴ + 2 pia imo. Mzizi wake mmoja ni (1 + i)/α: nguvu ya nne ni −4 gawanya kwa 2, yaani −2. Kwa hiyo mizizi yake yote imo ndani ya Q(α, i). Kurudi nyuma: uwiano wa mizizi miwili inayopakana unakupa i, ukishakuwa na i una 1 + i, na ukishakuwa na 1 + i una α. Uga uleule.

#26 SeremalaWaNamba

Basi kwa x⁴ − a zenye uga huu tunazo a nne: 2, 8, −2 na −8 (8 ni ya α³, hiyo ni rahisi). Ukizizidisha kwa nguvu ya nne ya namba wiano hakuna kinachobadilika. Nadhani orodha ndiyo hiyo imekwisha.

#27 Mzee_Kwatenioni

Unadhani, au unajua? Ukipanda kwenye Q(i) kwanza, swali linakuwa: ni a zipi za namba wiano ambazo ni 2 au 8 mara nguvu ya nne *ya kitu ndani ya Q(i)*? Tumeona −4 ni moja ya hizo nguvu ingawa kwenye Q siyo. Ndiyo iliyotuletea −8 kutoka kwa 2. Ili ufunge orodha lazima uoneshe kwamba hakuna nyingine kama −4.

#28 SeremalaWaNamba

Kwamba (m + ni)⁴ ikiwa namba wiano, basi m = 0, au n = 0, au m = ±n?

#29 Mzee_Kwatenioni

Endelea. Fungua mabano, weka sehemu isiyo halisi iwe sifuri.

#30 KipeuoChaNne

4mn(m² − n²) = 0. Hiyo nimeiona. Lakini kwa nini kupanda Q(i) kunatosha? Mbona uga mmoja juu ya Q(i) ulazimishe a kuwa 2 au 8 mara nguvu ya nne, isiwe kitu kingine kabisa? Hilo bado halijaniingia.